Risasi na kadimiamu katika urembo wa watoto: kilicho chini ya rangi ya dhahabu

Kwenye meza za urembo katika Soko la Wazi la Machinga hapa Dodoma, na hata pembezoni mwa Majengo na Sabasaba, cheni za watoto hupangwa kwenye kadi ngumu zikiwa na vishaufu vya moyo, kipepeo, taji au herufi ya kwanza ya jina. Mzazi akisita, muuzaji humhakikishia kwa nia njema kabisa: "Mama, hii haichuji, hata akioga nayo." Kauli hiyo inaweza kuwa kweli na bado isiwe na msaada wowote, kwa sababu inazungumzia tabaka la juu tu, ambalo ni jembamba kuliko unywele, wakati swali la afya ya mtoto limo katika metali iliyolala chini yake, ambayo huenda ikawa na risasi au kadimiamu, metali mbili zenye sumu.

Ukichukua kishaufu kimoja cha namna hiyo na kukigeuza ubavuni, mara nyingi utaona mstari mwembamba unaokizunguka, mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Mstari huo unaeleza jinsi kilivyotengenezwa. Metali iliyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi ili metali iingie kila kona, ikapoa baada ya muda mfupi, kisha vipande vikazamishwa katika maji ya kemikali yenye umeme ili vipate ngozi ya rangi ya dhahabu au fedha. Kazi hiyo inahitaji metali inayoyeyuka kwa joto la chini na kujaza vizuri michoro midogo. Zinki huyeyuka karibu nyuzi 420 za Selsiasi, na ndiyo inayopaswa kutumika. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 na kadimiamu kwa nyuzi 321, kwa hiyo zote mbili humpunguzia mwenye kiwanda gharama ya moto, huongeza maisha ya kalibu zake, na humpa kipande chenye uzito mkononi ambao mnunuzi huuchukulia kuwa dalili ya ubora. Hakuna ajali katika jambo hili. Metali hizo huwekwa kwa sababu zinarahisisha kazi, hasa zinapopatikana kwa bei ya chakavu.

Tukio linaloonyesha vizuri jinsi madhara yanavyotokea lilitokea Minneapolis, Marekani, mwaka 2006, na wakuu wa afya wa nchi hiyo waliliandika kwa kina. Mtoto wa kiume wa miaka minne alipelekwa hospitali akitapika. Alionekana ana maambukizi ya kawaida ya tumbo, akarudishwa nyumbani. Siku mbili baadaye alirudishwa akiwa amelegea na akilalamika kuumwa tumbo, kisha akapata degedege na kushindwa kupumua. Picha ya kichwa ilionyesha ubongo umevimba, na picha ya eksirei ya tumbo ikaonyesha kitu chenye umbo la moyo. Kilikuwa kishaufu cha bangili iliyotolewa bure pamoja na jozi ya viatu. Damu yake ilikuwa na mikrogramu 180 za risasi katika kila desilita, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa pale kiwango kinapofika mikrogramu 5 tu. Alifariki siku ya nne baada ya kulazwa. Kishaufu kilipopimwa kilikutwa na asilimia 99.1 ya risasi, na bangili 300,000 za aina hiyo zikaamriwa zirudishwe.

Miaka mitatu kabla ya hapo, huko Oregon, mtoto mwingine wa miaka minne alikuwa amemeza kishaufu cha mkufu ulionunuliwa kwenye mashine ya kuuza vitu vya watoto kwa sarafu. Kile kilikuwa na risasi ya asilimia 38.8, na damu yake ilifika mikrogramu 123. Huyu alipona, kwa sababu kitu kilionekana kwenye eksirei, kikatolewa tumboni kwa mpira wenye kamera, na akapewa dawa zinazofunga risasi ili itoke kwenye mkojo. Kishaufu chake kilikuwa na risasi kidogo kuliko kile cha Minneapolis, lakini hiyo haikuwa tofauti pekee kati ya watoto hawa wawili. Tofauti nyingine ilikuwa ya muda, kwa kuwa wa Oregon alipigwa picha na kutolewa kipande kabla ubongo haujavimba.

Hapa kwetu suala hilo la muda linanitia hofu kuliko kitu kingine chochote katika mada hii. Kutapika, tumbo kuuma, kukosa choo, kuchoka na kupoteza hamu ya kula ni dalili ambazo mzazi wa Dodoma, na hata mhudumu wa zahanati, atazihusisha na malaria, taifodi, minyoo au maambukizi ya njia ya mkojo, na mara nyingi atakuwa sahihi. Hakuna anayeanza kwa kuuliza kama mtoto alikuwa amevaa bangili ambayo sasa imepungukiwa kipande. Basi swali hilo inabidi alete mzazi mwenyewe. Kama kishaufu kimepotea na mtoto anatapika, au kama mtu amemwona akikimeza, asingojee kitoke kwa njia ya haja kubwa kama inavyofanywa kwa kokwa au sarafu. Ampeleke mahali penye eksirei siku hiyohiyo, abebe bangili au cheni iliyobaki, na aseme kwa maneno ya wazi kwamba huenda mtoto amemeza kipande cha urembo wa metali ambacho kinaweza kuwa na risasi. Picha hiyo itasaidia pia kutambua betri ndogo ya saa, ambayo nayo hairuhusu kusubiri.

Sababu ya haraka hiyo ni asidi ya tumbo. Kipande cha risasi kikikaa mfukoni mwaka mzima hakimdhuru aliyekibeba, lakini kikikaa tumboni huoshwa na asidi usiku na mchana, na risasi inayoyeyuka huingia kwenye damu kila saa. Mwili wa mtoto huipokea kwa wingi kwa sababu unaitafuta kalisi ya kujenga mifupa, na risasi hupita katika milango ileile inayopitisha kalisi na chuma. Mtu mzima hufyonza takriban sehemu moja ya kumi ya risasi anayoimeza, ilhali mtoto mdogo anaweza kufyonza hata nusu yake, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi. Katika mkoa ambao upungufu wa damu kwa watoto si jambo geni, kipande kilekile kinaweza kuleta madhara makubwa zaidi kuliko yale ambayo kingeleta kwa mtoto aliyelishwa vizuri.

Ni vema pia kusema wazi kile ambacho si hatari kubwa, ili hofu isielekezwe pasipostahili. Metali ya risasi au kadimiamu iliyogusa ngozi ya mwili isiyo na jeraha haipenyi kwa kiasi cha kutisha, na msichana wa darasa la sita aliyevaa bangili siku ya sikukuu hajalishwa sumu. Njia yenyewe ni mdomo. Mtoto anayenyonya kishaufu akiwa amelala, anayetafuna cheni akisikiliza hadithi, au anayeshika urembo uliochakaa kisha akala ugali kwa mkono ule ule, huyo ndiye anayemeza kidogo kidogo. Risasi inayoingia hivyo haimwangushi mtu kwa siku moja. Hujikusanya kwenye mifupa na kukaa humo kwa miongo, na athari yake huonekana katika kujifunza, kutulia na kukumbuka, mambo ambayo mwalimu huyaona bila kuweza kujua chanzo chake.

Kadimiamu ilikuja na historia yake, ambayo kwangu ndiyo hoja kuu ya makala hii. Baada ya kifo cha Minneapolis na marejesho ya bidhaa, Marekani ilipitisha mwaka 2008 sheria ya kubana risasi katika bidhaa za watoto, na kufikia mwaka 2011 kikomo kikawa sehemu 100 katika milioni, yaani gramu 1 ya risasi katika kilo 10 za metali. Viwanda vilivyokuwa vikiuza huko vilipaswa kuondoa risasi, na baadhi yao viliiondoa kwa kuweka kadimiamu mahali pake, kwa kuwa sheria ilikuwa imetaja metali moja na kunyamaza kuhusu nyingine. Januari 2010 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walitangaza matokeo ya vipimo walivyoviagiza kwa mkemia wa Chuo Kikuu cha Ashland, Ohio, na vipande kadhaa vya urembo wa watoto vilikutwa na kadimiamu nyingi, kimoja kikifika asilimia 91 ya uzito wake. Kadimiamu hukaa kwenye figo kwa miaka 10 hadi 30, hudhoofisha mifupa, na imewekwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Risasi angalau ina dawa za kuifunga na kuitoa, ilhali kadimiamu iliyokwisha kutua kwenye figo haina dawa ya namna hiyo ya kutegemewa.

Utafiti uliofuata ulionyesha jambo jingine ambalo kila mzazi anaweza kulitumia. Vipande ambavyo ngozi yake ya rangi ilikuwa imekwaruzwa au kuharibika viliachia kadimiamu nyingi zaidi, katika baadhi ya vipande hadi mara 30 ya ile iliyotoka kwenye vipande vizima. Kwa hiyo urembo ulioanza kupauka na kuonyesha rangi ya kijivu kwenye kingo, ule ambao mama humpa mtoto achezee kwa sababu hauvaliki tena, ndio unaopaswa kuondoka nyumbani kwanza.

Swali linalofuata ni kama mtu anaweza kutambua kwa macho. Kwa risasi tupu, pengine. Risasi ni laini kiasi kwamba ukingo uliochubuka ukisuguliwa kwenye karatasi nyeupe huacha mstari wa kijivu kama wa penseli, na kipande chake huwa kizito kupita ukubwa wake. Hata hivyo mchanganyiko wenye risasi ya kiasi cha kati huenda usiache alama yoyote, na kipimo hicho hakitegemewi kwa kadimiamu. Wapo wanaoniambia kuwa fundi sonara anaweza kupima kwa maji kama anavyopima dhahabu, na kwa kuwa njia hiyo ni ya kweli, inafaa tuone inafika wapi.

Sonara hupima kipande kikiwa kikavu, kisha hukipima kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji, na uzito uliopungua humwambia ukubwa wa kipande. Tuseme kishaufu cha kwanza kina gramu 6.8 na ndani ya maji kinapungua gramu 0.65. Ukigawanya unapata karibu 10.5, na kwa kuwa risasi tupu ni 11.3 wakati zinki ni 7.1, kipande hicho kina kila sababu ya kushukiwa. Kishaufu cha pili kina gramu 5.2 na kinapungua 0.61, jibu likiwa 8.5. Hapo fundi amekwama, kwa sababu shaba ya njano iliyochanganywa na zinki huwa karibu na 8.5, na kadimiamu ni 8.65. Cha tatu kina gramu 5.2 na kinapungua 0.73, yaani 7.1, ambayo ni zinki, na mzazi angependa kuondoka akiwa ameridhika. Lakini kama zinki hiyo ingekuwa imechanganywa na risasi ya asilimia 5, upungufu ungekuwa karibu gramu 0.72, tofauti ya takriban sehemu moja ya mia ya gramu, ambayo kiputo kimoja cha hewa kilichong'ang'ania kwenye tundu la cheni kinaweza kuificha. Na asilimia 5 ni mara 500 ya kikomo nilichokitaja. Maji ya sonara yanaweza kumkamata mkosaji mkubwa, ila hayawezi kumpa mtu yeyote hati ya usalama.

Bei nayo haisaidii sana. Cheni ya shilingi elfu moja na ile ya elfu kumi zinaweza kutoka kwenye kalibu moja, na maandishi ya kwamba kitu hakina nikeli yanahusu mzio wa ngozi tu. Kwa sababu hiyo ushauri wangu haumtaki mzazi achague cheni nzuri kati ya cheni mbaya. Namtaka aiache aina nzima ya urembo wa metali iliyomiminwa kwenye kalibu hadi mtoto apite umri wa kuweka vitu mdomoni, na kwa tahadhari nauweka umri huo kwenye miaka sita, hata kama mtoto wa jirani aliacha mapema.

Chini ya miaka mitatu hakuna cha kuvaa shingoni hata kidogo, kwa kuwa hapo kukabwa na kupaliwa ni hatari za kila siku. Akishapita hapo, uzi wa pamba uliosukwa, kitambaa, utepe wa nywele na mbao zisizopakwa rangi ni chaguo ambalo halihitaji maabara. Ushanga wa kioo unaoshonwa na kina mama wa Kigogo nauweka juu ya urembo wa kumiminwa, kwa sharti kwamba mtoto ameacha kutafuna vitu, rangi iwe imo ndani ya kioo chenyewe badala ya kupakwa juu, na uzi uwe imara. Lulu za plastiki zenye ganda linalobanduka naziacha, kwa kuwa rangi ya ganda hilo imewahi kukutwa na risasi, na kamba laini za plastiki zinazoiga ngozi naziacha vilevile. Tena, mwenye kupenda vitu vya asili asitumie zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo hupendeza sana kwenye bangili na huua zikitafunwa.

Kwa masikio ya mtoto, hereni ndogo za dhahabu, fedha halisi, au stenlesi inayoandikwa 316L zinafaa, ziwe na kifungo cha nyuma kisichofunguka kirahisi. Fedha inayotengenezwa na sonara wetu ni nzuri, ila aulizwe lehemu anayotumia. Lehemu ya fedha ya zamani iliwekwa kadimiamu ili iyeyuke kwa joto dogo, na ipo isiyo na kadimiamu, ambayo fundi mwangalifu ataipendelea kwa ajili ya mapafu yake mwenyewe. Kadimiamu huchemka kwenye nyuzi 767, chini ya joto la kuyeyushia shaba au fedha, kwa hiyo mtu anayetupia urembo wa zamani usiojulikana katika chungu chake cha kuyeyushia anaweza kuvuta mvuke unaojeruhi mapafu vibaya. Vipande vilivyopauka visipelekwe kuyeyushwa, wala visigawiwe kwa watoto wengine. Vifungwe kwenye chombo kisichofunguka kirahisi na kuwekwa mbali nao.

Yote hayo ni ya nyumbani, na kwa maoni yangu si haki kumwachia mzazi kazi ambayo hata sonara hawezi kuimaliza. Kifaa kinachoweza kipo, na jiji hili linakifahamu kuliko miji mingi. Masoko ya madini hapa nchini hupima usafi wa dhahabu kwa mashine ya XRF, ambayo hupiga metali kwa mionzi na kusoma ndani ya sekunde chache ni metali zipi zimo na kwa kiasi gani. Makao ya Tume ya Madini na ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yapo hapahapa Dodoma, na Shirika la Viwango pamoja na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali zina ofisi zake za Kanda ya Kati. Mashine hiyo iliyozoea kumlinda mnunuzi wa dhahabu inaweza kusoma kishaufu cha kipepeo.

Upimaji huo, hata hivyo, utaleta faida ikiwa utafanywa kwa kujua udhaifu wake. XRF husoma zaidi tabaka la juu, hivyo kipande kikipimwa kikiwa na ngozi yake ya dhahabu, shaba na nikeli ya ngozi hiyo zinaweza kupunguza kile kinachoonekana cha chini. Mpimaji akikwangue kwa tupa mpaka metali ya kijivu ionekane, asome hapo, na asome vishaufu, vifungo na pete za kuunganishia kila kimoja peke yake, kwa kuwa cheni ya chuma safi inaweza kubeba kishaufu cha risasi. Kikomo kihesabiwe kwa kiasi kilichomo katika metali iliyokwanguliwa, na kitaje risasi na kadimiamu zote mbili, kama Umoja wa Ulaya ulivyofanya kwa kuweka sehemu 500 katika milioni kwa risasi na 100 kwa kadimiamu katika urembo wote bila kujali umri wa mvaaji. Kuweka kikomo cha risasi pekee kungeyarudia hapa yale ya Marekani. Sampuli zichukuliwe kwa waagizaji wa jumla Kariakoo, kabla mzigo haujagawanywa katika mabegi ya wachuuzi wanaopanda basi kuja Dodoma, maana mmachinga aliyenunua kadi kumi kwa mtaji wa kukopa hana njia ya kujua alichobeba, na kumnyang'anya yeye hakumfikii aliyekiingiza nchini. Na matokeo yakitoka, yatangazwe pamoja na picha ya kila kipande kilichoshindwa, pande zote mbili na kadi yake, ili mama aliyekwisha kununua aweze kukitambua kwenye droo ya nyumbani kwake.